Hesabu ya Daladala Inapokubali Kupita Kiasi

Saa nne usiku dereva wa Koasta anakabidhi karatasi kwa tajiri wake jijini Dar es Salaam. Tuseme imeandikwa hivi: tripu 8, nauli shilingi 280,000. Mafuta lita 45 kwa 135,000, posho ya dereva na konda 40,000, pancha 10,000, wapiga debe 8,000, kuosha gari 5,000. Zimebaki 82,000, nazo ziko mezani. Tajiri anajumlisha, anatoa, hesabu inakubali, anakwenda kulala.

Kukubali huko hakuthibitishi kitu. Nauli imeandikwa na mtu yuleyule aliyeandika matumizi, na baki lazima ilingane na alichobeba mfukoni. Abiria hakuna aliyewahesabu, na wapiga debe hawatoi risiti. Kwenye karatasi nzima kuna namba moja tu ambayo dereva hakuitunga: lita, maana zimo kwenye risiti ya pampu. Tuanzie hapo.

Ruti ni kilomita 18 kwenda tu, na kila kwenda au kurudi ni tripu moja. Tripu 8 ni kilomita 144. Ukiongeza 10 za kutoka na kurudi gereji, 154. Tajiri anajua gari lake, kwenye foleni, hula lita moja kwa kilomita 5. Alilijua hilo kwa kujaza tangi hadi juu jioni, kulijaza tena jioni iliyofuata, kisha kugawa kilomita kwa lita zilizoingia. Alirudia kwa wiki nzima. Basi lita 31 zingetosha. Zile 14 za ziada zimekwenda wapi?

Asome spidomita, ambayo ilipaswa kuandikwa asubuhi kabla gari halijatoka. Ikionyesha kilomita 225 hivi, gari lilipiga tripu kama nne ambazo hazimo kwenye karatasi, na kwa wastani wa 35,000 kila moja, hapo kuna 140,000. Ikionyesha 154, tripu ni za kweli, ila mafuta yamenyonywa tangini au risiti ni ya gari jingine. Hasara ni 42,000. Na kama mshale hauchezi gari likitembea, waya umechomolewa au umekatika, na kilomita za siku hiyo zisiaminiwe.

Hata hivyo, asimfukuze dereva kwa siku moja. Nozo mbovu, breki zinazoshika au foleni ya mvua huongeza ulaji, lakini ulaji wa ubovu hauchagui siku: utauona kesho na keshokutwa, hata akishika usukani deiwaka. Ukipanda Jumamosi tu, siku ambayo tajiri yuko harusini, fundi hana la kutengeneza.