Nishati Iliyomo katika Gurudumu Linalozunguka

Wanafunzi wengi wa shule za msingi wamewahi kupelekwa mashineni kusaga mahindi, na wameliona gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye mhimili wa injini ya dizeli. Gurudumu hilo huitwa gurudumu tegemeo. Wameona pia kwamba mwenye mashine akiisha kukata mafuta, gurudumu huendelea kuzunguka kwa muda kabla ya kusimama. Mwanafunzi atakapomwuliza mwalimu ni kitu gani kinachoendelea kulizungusha, jibu ni nishati iliyowekwa ndani yake. Katika makala haya tutaonyesha jinsi ya kuikadiria nishati hiyo, na jinsi ya kulifundisha jambo hili kwa kutumia baiskeli.

Kanuni na chanzo chake

Mwanachuo anajua kwamba kitu chenye tungamo m, kinachokwenda kwa kasi v, kina nishati ya mwendo E = ½mv². Gurudumu lote haliendi mahali popote, lakini kila kipande chake kinakwenda. Kipande kilicho ukingoni hukata mzingo mzima katika kila mzunguko mmoja. Kilicho karibu na mhimili hukata njia fupi kwa muda ule ule. Kwa hiyo vipande vya ukingoni vina kasi kubwa zaidi, na ndivyo vyenye sehemu kubwa ya nishati.

Tuchukue kwanza gurudumu ambalo karibu chuma chake chote kiko ukingoni. Ikiwa nusu kipenyo ni r, na gurudumu linazunguka mara n kwa sekunde, basi kasi ya ukingo ni:

v = 2πrn

Kasi hiyo tukiitia katika kanuni ya kwanza, tunapata nishati ya gurudumu. Hapa tungamo huingia mara moja tu, lakini nusu kipenyo na idadi ya mizunguko huingia kwa kipeo cha pili. Tukiongeza tungamo mara mbili, nishati huongezeka mara mbili. Tukiongeza mizunguko mara mbili, nishati huongezeka mara nne.

Mfano wa hesabu

Tuseme ukingo wa gurudumu tegemeo una tungamo la kilo 60, nusu kipenyo chake ni mita 0.3, nalo huzunguka mara 600 kwa dakika. Tutafuata hatua tatu.

Kwanza, tunageuza dakika kuwa sekunde: 600 ÷ 60 = mizunguko 10 kwa sekunde.

Pili, tunatafuta kasi ya ukingo: 2 × 3.14 × 0.3 × 10 = mita 18.84 kwa sekunde.

Tatu, tunatafuta nishati: ½ × 60 × 18.84 × 18.84, ambayo ni karibu jouli 10,650.

Jouli ni neno tu kwa mwanafunzi asiyekuwa na kitu cha kulinganisha. Basi tumweleze hivi: gunia la mahindi la kilo 100 lina uzito wa nyutoni 1,000 hivi, na kuliinua mita moja kunahitaji jouli 1,000. Nishati iliyomo katika gurudumu letu ingetosha kuliinua gunia hilo zaidi ya mita 10 kwenda juu.

Kama gurudumu lingekuwa sahani nzima ya chuma yenye unene ulio sawa kila mahali, tungamo lile lile lingeenea mpaka karibu na mhimili. Hapo nishati ingekuwa nusu tu, yaani karibu jouli 5,325. Ndiyo sababu watengenezaji hufanya ukingo kuwa mnene na sehemu ya katikati kuwa nyepesi.

Kazi ya gurudumu katika injini

Katika injini ya mapigo manne yenye silinda moja, pistoni husukumwa na moto mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Msukumo huo huchukua nusu mzunguko. Kwa mzunguko mmoja na nusu uliobaki, mashine huendelea kusaga kwa nishati ya gurudumu.

Tuseme mashine inatumia wati 3,700. Mzunguko mmoja na nusu huchukua sekunde 0.15, kwa hiyo gurudumu hutoa 3,700 × 0.15 = jouli 555. Tumeiacha kando nishati ya kubana hewa ndani ya silinda ili hesabu iwe nyepesi. Gurudumu hubaki na jouli 10,095, na mwendo wake hushuka kutoka mizunguko 600 hadi karibu 584 kwa dakika. Punguzo hilo ni dogo, na mara moto unapowaka tena gurudumu hurudishiwa jouli zake. Kama ukingo ungekuwa mwepesi, mwendo ungeshuka sana kati ya msukumo na msukumo, na injini ingetetemeka au kuzimika.

Jaribio darasani

Geuza baiskeli, tandiko na usukani vikae chini. Funga kitambaa chekundu kwenye tairi la mbele ili mizunguko ihesabike. Chukua ukanda wa nguo, funga ncha moja kwenye uma wa baiskeli, upitishe ukanda juu ya tairi, kisha ning'iniza jiwe dogo kwenye ncha ya pili. Gurudumu lizungushwe kuelekea upande wa jiwe. Kwa njia hii msuguano hubaki ule ule wakati wote.

Mwanafunzi mmoja ainue ukanda, mwingine azungushe gurudumu. Mwendo ukifikia mzunguko mmoja kwa sekunde, ukanda ushushwe, na darasa lihesabu mizunguko mpaka gurudumu lisimame. Kisha warudie kwa kuanza na mizunguko miwili kwa sekunde. Kwa kuwa msuguano haubadiliki, idadi ya mizunguko hupima nishati iliyokuwamo. Mara ya pili idadi itakaribia mara nne ya ile ya kwanza. Ikiwa ni mara mbili tu, chunguza mambo mawili: pengine ukanda ulishushwa baada ya mwendo kupungua, au mwanafunzi aliubana kwa mkono. Vidole vyote viwe mbali na spoki.

Hatari ya kufundishwa

Wanafunzi hudhani kwamba mwendo ukipungua nusu, hatari nayo imepungua nusu. Hesabu inaonyesha vingine. Gurudumu letu likishuka hadi mizunguko 300 kwa dakika, limebaki na robo ya nishati, yaani jouli 2,660 hivi. Hizo zinatosha kuliinua lile gunia zaidi ya mita mbili na nusu, na ni nyingi mno kwa mkono ulionaswa kati ya mkanda na gurudumu. Kwa hiyo mashine iliyozimwa isiguswe mpaka gurudumu lisimame kabisa.

Kwa upande mwingine, mtu asidhani kwamba anaweza kuongeza mwendo apendavyo ili aweke nishati zaidi. Mvuto unaotaka kuupasua ukingo nao hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, na chuma cha kusubu hakistahimili sana kuvutwa. Ufa mdogo ukingoni ni sababu ya kutosha ya kutoliwasha gurudumu. Likipasuka, vipande huruka kwa kasi ile ile ya ukingo, ambayo katika mfano wetu ni karibu mita 19 kwa sekunde. Kwa hiyo mwalimu anapowapeleka wanafunzi mashineni, awasimamishe upande wa mhimili, kamwe wasisimame mbele ya ukingo.