Sufuri iliyopotea kwenye bluu ya bendera

Nilikuwa napamba ukurasa wa mwaliko kwa rangi nne za bendera ya Tanzania. Mchoraji alinipa kila rangi kwa namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu kilichomo ndani yake. Kijani ilikuwa 30, 181, 58. Njano 252, 209, 22. Nyeusi 0, 0, 0. Na bluu 0, 163, 221. Nikaandika programu fupi ya kuzigeuza ziwe misimbo ya heksadesimali ya kuweka kwenye faili la mitindo la CSS. Kijani, njano na nyeusi zikatokea sawasawa. Bluu ikagoma, mahali pake pakabaki peupe.

Ili kuona kilichotokea, tuigeuze bluu hiyo kwa mkono. Kila namba kati ya hizo tatu huanzia 0 na kuishia 255, hivyo ina hatua 256. Hizo ni 16 mara 16, ndiyo maana tarakimu mbili za heksadesimali zinatosha kuibeba. Shuleni tulijifunza nafasi ya mamoja na nafasi ya makumi. Hapa mamoja hubaki palepale kulia, ila nafasi ya kushoto huhesabu mafungu ya kumi na sita. Tarakimu ni 0 hadi 9, kisha A husimama badala ya 10, B 11, C 12, D 13, E 14 na F 15.

Chukua 163, gawanya kwa 16. Inaingia mara 10 na baki ni 3. Kumi ni A, basi tunapata A3. Chukua 221: inaingia mara 13, baki 13, tunapata DD. Nyekundu ni 0: mara 0, baki 0, tunaandika 00. Ziunganishe kwa mpangilio wake, nyekundu kwanza, utapata `#00A3DD`. Ukitaka kuhakiki, rudi kinyume: 10 mara 16, jumlisha 3, ni 163. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti kwa kivinjari.

Kosa langu lilikuwa kwenye ile sufuri. Sisi tukiandika sufuri tunaandika `0`, hatuandiki `00`, na kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo isipoamriwa vingine. Programu yangu ilitoa `0`, `a3` na `dd`, ikaviunganisha kuwa `#0a3dd`. Hizo ni tarakimu tano, na CSS hukubali tatu, nne, sita au nane tu. Kivinjari kikikuta tano hakilalamiki kwa msomaji. Huupuuza mstari huo na kuendelea. Nilipofungua zana za wasanidi ndani ya kivinjari, niliukuta umekatwa kwa mstari, na alama ya onyo pembeni.

Mbona nyeusi ilipita, nayo ina sufuri tatu? Ilipita kwa bahati. Programu ilitoa `#000`, na msimbo wa tarakimu tatu ni ufupisho halali: kivinjari huirudia kila tarakimu mara mbili, ikawa `#000000`. Bahati hiyo hiyo ndiyo mtego. Tuseme rangi ni 12, 10, 9, ambayo inakaribia weusi. Bila sufuri za mbele tunapata msimbo `#ca9`, nao kivinjari huusoma `#ccaa99`, yaani 204, 170, 153. Maandishi uliyotaka yawe meusi yanageuka rangi ya mchanga, na hakuna mstari uliokatwa wala onyo lolote.

Kijani na njano hazikuonyesha kasoro kwa sababu namba zake zote zinazidi 15, kwa hiyo kila moja ilitoa tarakimu mbili yenyewe. Dawa ni kuilazimisha kila namba ikae katika nafasi mbili:

```js
const jozi = n => n.toString(16).padStart(2, "0");
"#" + [0, 163, 221].map(jozi).join("")  // "#00a3dd"
```

`padStart` huongeza sufuri mbele pale tu tarakimu inapokuwa moja. Haizuii namba iliyozidi kipimo: 256 itatoa `100`, tarakimu tatu, na msimbo wote utaharibika. Kwa hiyo kagua kwanza kwamba namba ni nzima na haivuki 255.

CSS hukubali pia `rgb(0, 163, 221)` bila kugeuza chochote, na hiyo ni mizani nzuri. Paka visanduku viwili vinavyogusana, kimoja kwa `rgb` na kingine kwa msimbo wako. Ukiona mpaka kati yake, umekosea. Na unapoijaribu programu, usianze na rangi zinazong'aa. Ipe 12, 10, 9. Isipokujibu `#0c0a09`, katafute sufuri.