Kunyang'anywa au kukamatwa? Jinsi mahojiano ya wamachinga yanavyochambuliwa

Mtafiti akishawahoji wamachinga na mgambo wa jiji, huyaandika mahojiano neno kwa neno. Kisha huyasoma polepole na kukipa kila kipande jina fupi, yaani msimbo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mmachinga anasema: "Walininyang'anya viatu, sikupewa risiti." Mgambo anasema: "Tulikamata bidhaa zilizoziba njia." Tukio ni lilelile. Mtafiti akiviweka vipande vyote viwili chini ya msimbo "unyang'anyi", ameshamhukumu mgambo. Akiandika "utekelezaji wa sheria", ameshamhukumu mmachinga.

Kwa hiyo misimbo ya mwanzo hutolewa kwenye maneno yao wenyewe: "kunyang'anywa", "kukosa risiti", "kukamata", "kuziba njia". Baadaye inayohusiana hukusanywa kuwa mada. Hapa "bidhaa" peke yake haitoshi, kwa sababo haielezi jambo lolote. Mada inayoeleza ni hii: bila risiti, mmachinga haoni tofauti kati ya sheria na wizi.

Mwisho, mtafiti hurudi kwenye mahojiano kutafuta wanaoipinga mada hiyo. Akimkuta mmachinga aliyepewa risiti na bado anasema aliibiwa, mada lazima irekebishwe.