Mgeni Akiuliza "Kuna Karanga?", Jibu Liko Jikoni

Bajia za dengu hazina ngano. Ni unga wa dengu, kitunguu, pilipili, bizari na chumvi. Kwa hiyo mgeni asiyekula ngano akiuliza kama anaweza kuagiza bajia, mhudumu wa hoteli ya pwani humjibu bila wasiwasi: "Kula tu, ni dengu tupu." Anasema kweli kuhusu bajia, lakini hajafikiria karai. Mafuta yaliyokaanga bajia hizo ndiyo yaliyokaanga sambusa asubuhi, na manda za sambusa ni ngano. Vipande vya manda vimebaki chini ya karai, na kila bajia inayotumbukizwa humo inatoka na gluteni yake.

Wapishi wengi hudhani moto wa mafuta umeshamaliza tatizo. Wamefundishwa kuogopa vijidudu, na vijidudu hufa kwa moto. Mzio ni habari nyingine. Kinachomdhuru mgeni ni protini, na protini ya karanga ikichomwa au ikikaangwa bado mwili wake unaitambua na kuishambulia. Kuchuja mafuta nako hakusaidii, kwa sababu chujio hushika makombo makubwa tu.

Kabla ya kuingia jikoni, ni vizuri kujua kwamba wageni wanaouliza hawana tatizo moja. Mwenye mzio wa karanga anaweza kuvimba midomo na kubanwa na pumzi dakika chache baada ya kula. Mwenye mzio wa maziwa yuko kwenye hatari hiyohiyo, tofauti na yule ambaye maziwa humjaza gesi tumboni kwa sababu hawezi kusaga sukari iliyomo. Huyu wa pili pengine ataweza kula wali wenye samli kidogo, lakini wa kwanza asile, maana samli hubaki na chembe za protini ya maziwa. Kisha kuna mwenye ugonjwa wa siliaki. Akila gluteni, kinga ya mwili wake huharibu utumbo wake mwenyewe. Huenda akaondoka mezani akitabasamu na kuugua baadaye, ndiyo maana jikoni hawapati habari kwamba wamemdhuru.

Kiasi kinachotosha kudhuru ni kidogo mno. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa "kisicho na gluteni" hakizidi miligramu 20 kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kina gluteni ya kuvusha kiwango hicho katika zaidi ya kilo 10 za chakula.

Sasa tuchukue oda moja tuifuate. Mgeni wa meza ya 7 ana mzio wa karanga. Anataka samaki wa kupaka, wali wa nazi na mchicha. Ukisoma menyu, hakuna karanga hata moja. Mhudumu mzuri hajibu kwa kukumbuka menyu. Anamwambia mgeni, "Naomba nimuulize mpishi kwanza," kisha anauliza jambo moja zaidi: je, ni karanga peke yake, au na korosho na lozi pia? Karanga ni jamii ya kunde, korosho ni kitu kingine, na wapo wanaodhurika na kimoja tu na wapo wanaodhurika na vyote. Anaandika jibu kwenye karatasi ya oda na kulipigia mstari, halafu anaipeleka mwenyewe: "Shefu, meza ya 7 ana mzio wa karanga."

Mpishi anaanza na mchicha. Siku hiyo kuna mchicha wa nazi na mchicha wa karanga, sufuria mbili jirani, na mwiko mmoja umekuwa ukihama. Sufuria ile ya nazi imeshaharibika kwa mgeni huyu, hata kama haionekani. Anapika mchicha mpya. Anafika kwa samaki: rojo la kupaka limesagwa kwenye brenda, na brenda hiyo ndiyo iliyosaga karanga za mchicha. Kuisuuza kwa maji hakutoshi, kwa sababu mafuta ya karanga hunata chini ya kisu na kwenye mpira wa kifuniko. Ama aifungue na kuiosha kila kipande kwa sabuni na maji ya moto, kwa sponji safi, ama atwange viungo kwenye kinu ambacho hakijawahi kuona karanga.

Kisha mikono. Dawa ya kupaka ya kuua vijidudu haiondoi karanga. Huisambaza tu kiganjani. Maji na sabuni ndivyo vinavyoiondoa. Glavu nazo hazina maana kama zimeshagusa bakuli la karanga. Kibao, kisu na sufuria viwe vimeoshwa upya, na chakula hiki kipikwe pembeni, kifunikwe, kipelekwe peke yake. Kikipangwa kwenye trei moja na sahani ya kisamvu cha karanga, kazi yote imepotea njiani.

Yapo makosa yanayotokea hata kabla ya jiko kuwashwa, yaani stoo. Mwezi Januari 2014, mteja mmoja huko Yorkshire, Uingereza, aliagiza mchuzi wa kuku akasema wazi kwamba hataki njugu za aina yoyote. Chombo kiliandikwa kuwa hakina njugu. Mwenye mgahawa alikuwa ameacha kununua unga wa lozi akaweka mchanganyiko wa bei nafuu wenye karanga. Mteja alifariki, na mwaka 2016 mwenye mgahawa alihukumiwa kifungo cha miaka sita.

Kwetu mabadiliko ya namna hiyo ni ya kila siku. Nazi zikiadimika, mpishi hununua tui la unga, na baadhi ya matui hayo yana kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Sosi ya soya nayo mara nyingi hutengenezwa kwa ngano. Kwa hiyo pakiti zisitupwe mpaka chakula kiishe, na kila bidhaa ikibadilishwa, lebo isomwe upya na daftari la vyakula lirekebishwe siku hiyohiyo.

Bufee ina hatari yake, maana wageni wenyewe huhamisha vijiko. Mwenye mzio apakuliwe jikoni, kabla meza haijafunguliwa.

Na ikitokea mgeni ameanza kuwashwa mdomo, kuvimba, kutapika au kukoroma kifuani, asipelekwe akitembea kwenda kupunga hewa. Alazwe, au akae kama anapumua kwa shida. Kama ana sindano yake ya adrenalini, ichomwe mara moja kwenye paja upande wa nje, kisha apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwa kuwa hali huweza kurudi. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi ya sindano hiyo.

Jikoni kwingine ni kudogo, unga wa chapati unapepea hewani tangu alfajiri, na karai ni moja. Huko hakuna usafi utakaomhakikishia usalama mwenye siliaki. Mhudumu asione haya kumwambia: "Samahani, hiki hatuwezi kukuhakikishia, lakini tuna matunda yaliyokatwa kwa kisu safi." Mgeni aliyeambiwa hivyo huenda akala kidogo, ila ataondoka mzima, na hilo ndilo aliloulizia.