Digrii 90, Kisha 90 Nyingine

Injini ya Toyota 4A-FE, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, ina boliti 10 zinazobana silinda hedi juu ya bloku. Kitabu cha ufundi kinaagiza zipakwe oili kidogo kwenye uzi na chini ya vichwa, kisha zikazwe kwa hatua tatu: 29 N·m, halafu digrii 90, halafu digrii 90 nyingine. Mtafsiri anaweza kuyaharibu maagizo hayo bila kukosea namba hata moja.

Hatari kubwa iko kwenye mpangilio. Boliti zimepewa namba kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, ili hedi iikalie gasketi sawasawa. Tafsiri ikisema “kaza kila boliti kwa 29 N·m, kisha digrii 90, kisha digrii 90”, fundi atamaliza boliti ya kwanza kabla hajaigusa ya pili. Hedi itabanwa kupita kiasi mahali pamoja huku kwingine ikielea. Gasketi ikishindwa kuziba, maji huvuja na kuingia kwenye oili, nayo hugeuka rangi ya maziwa. Kwa hiyo kila hatua hupewa mstari wake, na kila mstari huanza hivi: “Kwa boliti zote 10, ukifuata namba 1 hadi 10.” Hatua ya kwanza huongezewa kwamba 29 N·m hufikiwa kwa raundi kadhaa.

Vipimo navyo vina mtego wake. Kitabu hutaja nguvu ileile kwa vizio vitatu: 29 N·m, 300 kgf·cm na 22 ft·lbf. Ukibadilisha 22 ft·lbf kwa kikokotoo unapata karibu 30 N·m, na mtafsiri hushawishika “kusahihisha”. Hakuna kosa hapo. Kgf·cm 300 ni sawa na N·m 29.4 au ft·lbf 21.7, na kitabu kimezifanya namba kamili. Mtafsiri hunakili, hakokotoi upya.

Penye ukomo wa kupungua na kuzidi, pande zote mbili hubaki. Tuseme mtengenezaji ameandika 60 ± 5 N·m: fundi anaruhusiwa kati ya 55 na 65. “Kama 60” hufuta mipaka hiyo, na “angalau 60” huondoa ule wa juu, boliti ikavutika au kukatika.

Hata oili haiachwi. Sehemu kubwa ya nguvu ya spana huishia kwenye msuguano, hivyo boliti kavu hubana kidogo kuliko iliyopakwa, ingawa spana ya toki inaonyesha 29 zilezile.

Baada ya hatua ya kwanza, kitabu kinaagiza kila boliti itiwe alama ya rangi upande wa mbele wa injini. Katika Corolla hizo injini imelala kwa upana wa gari, kwa hiyo tafsiri huandika “upande wa mkanda wa taimingi”. Mizunguko miwili ikikamilika, alama zote 10 zielekee nyuma, upande wa gia. Alama iliyobaki pembeni ni boliti iliyorukwa hatua moja.