Pilipili Ikishika Mkono

Mchana nilikata nusu kilo ya pilipili mbuzi za kutengenezea achari, mikono mitupu. Nikanawa kwa maji na sabuni ya kipande, nikaendelea na shughuli zangu. Jioni nikaingia kuoga maji ya moto, vidole vikawaka kana kwamba nimeepua sufuria bila kitambaa. Shangazi alicheka kwanza. "Maji yatakusaidia nini, mwanangu? Lete mafuta ya kula."

Ukali wa pilipili ni wa kemikali iitwayo kapsaisini. Watu hulaumu mbegu, kumbe hutengenezwa kwenye utando mweupe unaozishika; mbegu hupakaziwa tu. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo kunawa haraka haraka huiacha mkononi na chini ya kucha. Ngozi ya kiganja nayo ni nene, hupenywa polepole, ndiyo maana maumivu yaliningoja hadi jioni.

Kwa kawaida ngozi haiungui hasa. Kapsaisini huamsha vipokezi vya neva vinavyotambua joto kali, la nyuzi 43 na zaidi. David Julius na wenzake huko California walivitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobeli. Vikishaamshwa, hata joto la maji ya kuoga vinalisoma kama moto.

Shangazi alinimiminia vijiko viwili vya mafuta viganjani, nikasugua dakika mbili, katikati ya vidole na, kwa mswaki mkuukuu, chini ya kucha. Kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, juu ya mafuta yale yale, kabla ya tone la maji. Sabuni huyabeba mafuta pamoja na kilichoyeyuka ndani yake. Ndipo nikasuuza kwa maji baridi. Tulirudia mara tatu. Kilichobaki nilikituliza kwenye beseni la maji baridi, ingawa kila nilipotoa mikono maumivu yalirudi, yakififia taratibu hadi usiku wa manane.

Jichoni ni habari nyingine kabisa. Usitie mafuta wala maziwa, na usifikiche. Suuza kwa maji safi ya bomba yanayotiririka polepole kwa dakika 15, ukipepesa kope. Mwenye lenzi azitoe mapema, lakini baada ya kuosha mikono kwa mafuta na sabuni, la sivyo ataongeza pilipili. Ikiwa baada ya saa moja au mbili jicho bado linauma, linaona ukungu au halivumilii mwanga, nenda hospitali.

Siku hizi navaa glavu. Nikisahau, kabla ya kushika uso nagusisha kila ncha ya kidole kwenye ulimi. Juzi kidole gumba kilinichoma, nikarudi kwenye chupa ya mafuta.