Fanksheni Ikirudi, Hakuna Anayefuta

Programu ya kompyuta hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo fanksheni. Moja inajumlisha malipo, nyingine inaandika risiti, nyingine inatuma ujumbe kwa mteja. Fanksheni moja huiita nyingine, huisubiri imalize, kisha huendelea pale ilipoachia. Kila moja ikiwa kazini huhitaji nafasi katika memori ya kuweka vitu vyake, na nafasi hiyo hupatikana sehemu mbili: kwenye steki au kwenye hipu. Kazi ikiwa inaendelea, tofauti yake haionekani sana. Huonekana pale fanksheni inaporudi, yaani inapomaliza na kuiachia zamu ile iliyoiita.

Wapo wengi, hata miongoni mwa waliosomea fani hii, wanaodhani kwamba fanksheni ikirudi vitu vyake vya kwenye steki hufutwa. Havifutwi. Dhana hiyo ndiyo mama wa kosa moja sugu katika lugha ya C, lugha ambayo haimfichi mtumiaji chochote kuhusu memori. Kosa lenyewe ni hili:

```c
char *salamu(void) {
    char jina[16] = "Habari Zuhura";
    return jina;
}
```

Fanksheni `salamu` inatenga baiti 16 kwenye steki, inaandika maneno humo, kisha inarudisha `jina`. Ila katika C, kinachorudishwa hapo si maneno. Ni anwani yake tu, yaani namba ya mahali yalipo katika memori.

Tufuate hatua kwa hatua, kwa namba ndogo za kurahisishia. Ndani ya prosesa ya kawaida ya Intel au AMD mna rejista moja, `rsp`, inayoshika anwani ya mwisho wa steki. Tuseme sasa inasoma 8000. Steki kwenye prosesa hizi hukua kwa kushuka, basi `salamu` inapoitwa, prosesa kwanza inaandika mahali pa kurejea baadaye, baiti 8, na `rsp` inashuka hadi 7992. Kisha `salamu` inachukua baiti zake 16, na `rsp` inafika 7976. Hapo ndipo “Habari Zuhura” inapoandikwa, kuanzia 7976 hadi 7991.

Kazi imekwisha, fanksheni inarudi. Kinachotokea ni kidogo mno: `rsp` inapandishwa tena hadi 8000. Basi. Hakuna baiti hata moja iliyoguswa. Maneno bado yapo 7976, isipokuwa sasa yako nje ya mpaka, mahali ambapo fanksheni yoyote itakayofuata ina haki ya kuandika juu yake bila kuuliza. Wepesi wa steki unatokana na uvivu huo huo: kuachia baiti 16 na kuachia baiti 16,000 ni kazi ileile ya kubadilisha namba moja.

Aliyeita `salamu` sasa anashika mkononi namba 7976. Akisoma hapo papo hapo, huenda akayakuta maneno mazima. Lakini ili ayaonyeshe kwenye skrini lazima aite fanksheni nyingine, kama `puts`, nayo inaanza kujenga vitu vyake kuanzia palepale 8000 kushuka chini. Anwani yake ya kurejea inakaa 7992, na vigeu vyake vinaangukia juu ya “Habari Zuhura”. Kinachotokea kwenye skrini kinaweza kuwa takataka, nusu ya neno, au mstari mtupu. Kinaweza pia kuwa salamu nzima isiyo na doa, na kwa maoni yangu hayo ndiyo matokeo mabaya kuliko yote, kwa sababu programu yenye kosa inapita majaribio, inakabidhiwa kwa wateja, kisha inaharibika siku mtu anapoongeza mstari mmoja mahali pengine kabisa.

Kompaila nyingi hulinusa kosa hili. GCC hutoa onyo `function returns address of local variable`, na matoleo yake ya karibuni hurudisha sifuri badala ya anwani ile, ili programu ianguke mara moja kwa `Segmentation fault` kuliko kudanganya. Hata hivyo, anwani ikipitishwa kwanza kwenye kigeu kingine ndipo irudishwe, onyo hilo laweza lisitokee.

Dawa ni kuomba nafasi kwenye hipu:

```c
char *salamu(void) {
    char *jina = malloc(16);
    if (jina) strcpy(jina, "Habari Zuhura");
    return jina;
}
```

Hapa vitu ni viwili, na vinakaa mahali pawili. Kigeu `jina` chenyewe kiko kwenye steki, baiti 8 za anwani. Maneno yako kwenye hipu, katika nafasi iliyotolewa na `malloc`. Fanksheni ikirudi, kigeu kinabaki nje ya mpaka kama kawaida, lakini nakala ya anwani imekwisha kupelekwa kwa aliyeita kupitia rejista `rax`. Na hipu je? Hipu haijui hata kwamba kuna fanksheni iliyorudi. Nafasi ile itabaki imeshikiliwa mpaka mtu aiachie kwa `free`, au programu nzima ifungwe.

Asipotokea wa kuiachia, memori inavuja. Maktaba ya C ya kawaida kwenye Linux, ikiombwa baiti 16 kwenye mashine ya biti 64, hutumia 32, kwani huongeza kumbukumbu zake za uwekaji hesabu. Tuseme seva inaita `salamu` mara 1,000 kwa sekunde na haiachii chochote. Hizo ni baiti 32,000 kwa sekunde, na siku ina sekunde 86,400. Kwa siku moja zimepotea karibu gigabaiti 2.8, kwa salamu tu. Dalili yake ni programu inayonenepa polepole saa baada ya saa, hata wateja wakiwa ni walewale. Ukiiendesha chini ya Valgrind kwa chaguo `--leak-check=full`, itakuonyesha mwishoni mstari wa `definitely lost` pamoja na fanksheni iliyoomba nafasi hiyo.

Kwa nini basi kusiwe na hipu pekee? Kwa sababu `malloc` lazima itafute nafasi iliyo wazi na kuiwekea hesabu, ilhali steki inasogeza namba tu. Steki nayo ina kikomo: kwenye Linux, amri `ulimit -s` kwa kawaida hujibu 8192, yaani megabaiti 8. Picha kubwa haina mahali pale, na fanksheni inayojiita yenyewe bila kukoma huimaliza upesi.

Lugha zilizokuja baada ya C zimeligawa tatizo hili kila moja kwa njia yake. Go huruhusu urudishe anwani ya kigeu cha ndani, kwa kuwa kompaila yake hutambua kwamba kigeu hicho kitaishi kuliko fanksheni, ikakihamishia hipu yenyewe. Rust hukataa katakata kuikusanya programu ya namna hiyo. Java na Python huacha vitu kwenye hipu, kisha hurudisha nafasi ya kile ambacho hakuna tena anayekishika. Lakini ukitunza salamu zako zote katika orodha moja inayoishi muda wote wa programu, Python itaona kila moja bado inashikwa, nayo seva yako itanenepa vilevile kama ile ya C.